Madai ya Mama Dominika kwa Mgahawa wa Halfani

Mama Dominika, mwalimu wa miaka mingi, alikuwa ameandika barua nyingi maishani. Aliandika za kamati ya shule, za jumuiya ya kanisa mtaani Izia, na za kumwombea mtu uhamisho. Hii ya Alhamisi asubuhi ndiyo iliyomtoa jasho, na baridi ya Sumbawanga mwezi wa Julai kila mtu anaijua.

Simu ilikuwa imeingia usiku uliotangulia, kutoka Kipili. Aliyepiga alikuwa shangazi wa Coleta, mkwe wao mpya.

"Mkwe, sina maneno mengi," shangazi alisema. "Watu kumi na mmoja wa upande wetu wameharisha tangu Jumapili. Wengine walishukia porini, basi likawasubiri. Upande wenu ameugua nani?"

Mama Dominika alihamishia simu sikio la pili.

"Hakuna, si ndiyo? Tumekula ukumbi mmoja, tumeumwa sisi tu. Watu huku wanasema tuliwekewa kitu. Jumamosi tunakuja kumchukua mtoto wetu."

Simu ikakatika. Lakini aliyeugua upande wa bwana harusi alikuwepo, naye ni Mama Dominika mwenyewe. Jumapili alfajiri alipelekwa hospitali kwa bodaboda, akatundikiwa dripu mbili. Alimwambia mwanawe Adriano, bwana harusi, kuwa ni malaria, na majirani aliwaambia ni uchovu wa harusi. Mama wa bwana harusi, mjane wa Mwalimu Wilibrodi, aonekane akikimbilia choo akiwa na khanga za sherehe? Hata kidogo. Sasa aibu hiyo aliyoificha ndiyo iliyobaki kuwa shahidi pekee wa ukoo wao.

Alichukua daftari, akachora mistari kama ya mahudhurio. Nani aliugua, nani hakuugua, nani alikula saa ngapi. Akampigia mmoja, akampigia mwingine, chai ikapoa. Alipofika jina la kumi na nne alisimama ghafla, kalamu ikaanguka.

Wakwe walitangulia! Bafe ilipofunguliwa, mshereheshaji aliita wageni wa upande wa bibi harusi kwanza, kama inavyopasa. Upande wa bwana harusi walingoja mpaka wageni wamalize. Ni yeye tu aliyekwenda na kundi la kwanza, akimshika mkono mama yake Coleta kumwongoza mezani. Waliofuata walipakuliwa kutoka vyombo vilivyoongezwa baadaye.

Akakaa, akaandika:

"Mimi niliyetajwa hapo juu nilikula chakula kilichoandaliwa na mgahawa wako katika harusi ya tarehe 12 Julai, saa kumi alasiri. Kuanzia saa saba usiku nilipatwa na msokoto wa tumbo na kuharisha. Nililazwa siku moja, na cheti cha daktari kinasema chakula kilichoharibika. Nadai gharama za matibabu, shilingi 64,500, kama risiti nne zilizoambatanishwa zinavyoonyesha. Aidha nataka maelezo ya maandishi: chakula cha vyombo vya kwanza kilipikwa lini na kilihifadhiwaje. Nakala: Afisa Afya wa Kata."

Alitoa kopi, risiti halisi akazibakisha mkobani, akaipeleka barua kwa mkono.

Halfani alikuwa kaunta, kofia imekaa upande. Familia yake inauza chakula mjini tangu enzi za baba yake, na harusi za Wakristo nyingi humwita yeye ili wageni Waislamu nao wale bila wasiwasi.

"Shikamoo, Mwalimu! Bwana harusi anaendeleaje?"

"Marahaba. Soma hiyo, kisha unisainie hapa kwamba umeipokea."

Halfani alisoma, akatazama nyuma yake, akasoma tena. Akafungua droo, akatoa noti, akazisogeza juu ya kaunta. "Hii laki moja, Mwalimu. Kanywe na soda. Mambo haya tunamaliza kienyeji."

"Nilidai elfu sitini na nne na mia tano. Hiyo nyingine ya nini?"

"Ya usumbufu."

"Usumbufu wangu siuzi. Maelezo yako wapi?"

"Nikiandika nimejinyonga, Mwalimu! Nina harusi mbili wiki ijayo."

"Na mimi nina ndoa moja, inavunjika Jumamosi. Watu wanasema nimewalisha wakwe zangu sumu. Mimi! Kwenye nyumba ya marehemu Wilibrodi!" Sauti yake ilipanda hadi mteja mmoja akasahau chapati mdomoni. "Nakala ya bwana afya iko mkobani humu, nikitoka hapa naipeleka. Akija, akukute umeshasema mwenyewe, au akutoe maneno kwa nguvu. Chagua."

Mlango wa jikoni ukafunguliwa. Munira, mke wa Halfani, alikuwa amesimama na mwiko.

"Mwambie, Baba Shamimu."

"Munira, rudi jikoni."

"Nikarudi kufanya nini? Shikamoo, mama. Mchuzi wa nyama wa kwanza niliutoa jikoni Ijumaa saa tatu usiku. Tulikuwa na masufuria machache, nikapika kwa awamu mbili. Huyu akasema tusijiongezee kazi asubuhi, tuutie kwenye hotipoti tufunge. Nikamwambia tuuchemshe tena. Akasema hotipoti ni mpya, zinashika moto."

"Zilikuwa bado na moto!" Halfani alijitetea.

"Zilikuwa na uvuguvugu," Munira alisema. "Mchuzi wa pili uliiva saa nane mchana. Huo haukumdhuru mtu."

Mama Dominika alitamani kumkumbatia yule mwanamke na mwiko wake. Badala yake alichomoa karatasi nyeupe na kuiweka mbele ya Halfani.

Halfani aliandika huku akipumua kwa nguvu. Mama Dominika alisoma, akairudisha. "'Huenda' hii inafanya nini hapa? 'Huenda mchuzi ulikaa muda mrefu.' Ulikaa au haukukaa?"

"Ulikaa."

"Andika ulikaa. Weka na saa."

Munira alicheka hadi akaegemea mlango. Halfani aliandika upya, akasaini, akagonga mhuri wa mgahawa, akalipa elfu sitini na nne na mia tano, wala si zaidi. Mama Dominika akamwandikia stakabadhi, kisha akapeleka nakala kwa bwana afya, kama alivyoahidi.

Jumamosi wakwe walifika watano, hawakuvua hata makoti. Coleta alikuwa amekaa pembeni ya Adriano, macho mekundu. Mama Dominika alisimama katikati ya sebule.

"Jamani, kabla ya yote, na mimi niliugua. Niliharisha kuliko ninyi nyote, nikaona haya kusema." Adriano alishtuka. Mama yake akasoma maelezo ya Halfani tangu mwanzo hadi mhuri, kisha akaipitisha karatasi mkono kwa mkono.

Shangazi aliisoma kwa kidole, neno kwa neno. "Kwa hiyo tungeitwa mwisho, tusingeugua?"

"Tuliwatanguliza kwa heshima, mkwe."

"Heshima yenu imetukamua!" Shangazi alipasua kicheko, wenzake wakafuata, na Coleta akajifuta machozi huku akicheka. "Adriano, mwanangu, siku nyingine tuiteni mwisho, tafadhali. Leteni basi hiyo chai."

Makoti yakavuliwa. Kabla chai haijafika, shangazi alipekua mkoba wake, akakunjua karatasi iliyochakaa.

"Mkwe, huyo Halfani amekulipa wewe tu? Mimi zahanati ya Kipili ilinichaji elfu kumi na nane. Na mwenzangu huyu naye alichomwa sindano. Wewe umesoma. Hebu tuandikie na sisi."

Mama Dominika alishavuta kiti mezani, kalamu mkononi.

"Risiti mnazo? Bila risiti siandiki. Haya, jina kamili."