Mesha si Miş

Kituruki nilianza kujifunza kwa sababu ya uongo wangu mwenyewe. Miaka ya nyuma, nikirudi kutoka kutangatanga, nilibadilisha ndege Istanbul. Nilikaa kwa muda wa saa kumi na moja kwenye kiti cha chuma, nikiangalia mvua kupitia kioo, na mlango wa kutokea nje sikuupita. Nilipofika nyumbani Mkunazini, saa zile ziligeuka mwaka mzima. Barazani nilihadithia madaraja, masoko na baridi, hata watu wakaanza kuniuliza njia.

Aliyeniamini kuliko wote alikuwa mama mmoja mwenye duka la mabaibui na mapazia, Darajani. Alichoka kuagiza vitambaa Istanbul kwa simu na kuletewa rangi asizozitaka. Alitaka kwenda kuchagua mwenyewe, na alitaka mtu anayeujua mji. Akasema tukasome lugha pamoja. Nikifaulu mtihani, tiketi yangu juu yake. Mimi nilikuwa na miaka mitatu sijafika mbali kuliko Makunduchi. Nililala nikiota viwanja vya ndege.

Darasa lilikuwa ghorofani, Malindi. Mwalimu, binti wa Bububu aliyesoma Ankara, alituandikia sentensi zenye pengo, na mzizi wa kitenzi kwenye mabano. Kazi yetu kuufunga mkia. Kiswahili hubandika mambo mbele ya kitenzi. Kituruki huyaburura nyuma, na kila kipande lazima kifuate sauti ya irabu iliyotangulia. "Atakuja" ni gelecek, "atachukua" ni alacak: wakati ule ule, irabu mbalimbali. Niliwaambia wenzangu wasishangae, kwani sisi wenyewe husema pikia lakini somea. Mwalimu akanisifu, na hapo ndipo nilipoharibika.

Yule mama irabu zilimshinda kabisa. Kila kitu kwake kilikuwa -acak, hata pasipostahiki, na nilimsahihisha kwa sauti ya mtu aliyezaliwa Istanbul, kando ya Bosfori.

Tulipofika kwenye kiambishi -miş, sikumngoja mwalimu. Niliwanong'oneza wenzangu kwamba hiyo ni "mesha" yetu: nimeshaona, nshaona, görmüşüm, -miş ikigeuka -müş kwa kufuata irabu. Darasa zima likaandika. Pengo langu lilikuwa kwenye sentensi isemayo kwamba Istanbul niliiona mwaka jana. Nikajaza görmüşüm kwa mwandiko mzuri.

Mwalimu akacheka mpaka akakaa. Irabu zote sawasawa, alisema, ila kiambishi hicho ni cha habari usizozishuhudia. Uliyoyaona mwenyewe ni -di: gördüm.

"Hapa umeandika eti umeiona Istanbul," akaniambia. "Nani kakwambia?"

Wenzangu walicheka. Mimi pia nilicheka, tena zaidi kuliko wote. Mji wetu mzima unaishi kwa -miş, ila ukikaa barazani kila mtu anasema -di. Yule mama peke yake hakucheka. Alinitazama kama anavyotazama kitambaa kabla ya kukivuta.

Siku ya mtihani nilifika nimejiandaa. Nilijaza mapengo yote mbio mbio, mpaka la mwisho: Ben İstanbul'u hiç ______ (görmek). Hiç, yaani "kamwe", inadai kukanusha: "Mimi Istanbul sijapata kuiona." Nikaandika görmedim. Kwetu "me" ni jambo lililokwisha; kwao "me" ni jambo ambalo halikuwa. Na -di ikakaa nyuma yake, kiambishi cha shahidi. Kwa mara ya kwanza nilikuwa nimesema kweli juu ya Istanbul, na nilisemeshwa na sarufi.

Tukabadilishana karatasi ili tusahihishiane. Yangu ilimwangukia yule mama. Akanipa alama zote, kisha kidole chake kikabaki kwenye pengo la mwisho.

"Kaka, hivi ndivyo sentensi inavyotaka," aliniuliza taratibu, "au ndivyo ilivyo?"

Nilikuwa na njia ya kutokea. Ningesema ni hiç tu, kila mtu kaandika hivyo hivyo, na angeiona kweli kwenye karatasi za wenzetu. Lakini nilikumbuka kwamba nikishuka naye kule nitamuuliza yeye njia. Nikamwambia: ndivyo ilivyo, dada. Kiti cha chuma na kioo, basi.

Hakunitukana. Alikunja karatasi yangu mara mbili, akanirudishia, akatafuta maneno kwa muda mrefu. Midomo yake ilikuwa ikihesabu irabu.

"Sen benimle gelmeyeceksin," akasema. Wewe hutakuja na mimi.

Hapakuwa na -miş ndani yake. Uamuzi alikuwa nao mwenyewe. Nilizitafuta irabu zake nipate pa kumsahihisha. Zilikuwa sawa zote, mpaka ya mwisho.

"Aferin," mwalimu akamwambia kutoka ubaoni, yaani hongera, na akamtaka airudie wenzetu wasikie.