Flaski Isiyo na Kioo

Shangazi yangu alileta flaski kumi na mbili kutoka mji wa Arua, na wiki nzima hakuna aliyeuliza bei. Kibao cha mlangoni pa duka lake nilikiandika mimi, nikinakili maneno ya boksi: "Chuma cha pua, kuta mbili, lita tatu." Watu walikisoma, wakapita.

Siku moja mama mmoja anayeuza chai soko la Koboko alisimama, akasoma. "Hii inanisaidia nini mimi?"

Nikamuuliza kuhusu flaski yake. Alisema ilianguka kutoka kwenye bodaboda, kioo cha ndani kikapasuka, akamwaga chai yote kwa kuogopa vipande.

Nilifuta kibao, nikaandika: "Ndani hakuna kioo. Ikianguka kwenye boda, bado unauza chai." Nilitamani kuongeza kwamba chai hubaki moto mpaka jioni, lakini sikuwa nimepima, nikaacha.

Mama akasoma tena. Kisha akachukua flaski moja mezani na kuiachia sakafuni.

Saruji ililia. Shangazi alinitazama mimi, si yeye. Mama akaiokota ikiwa imebonyea ubavuni, akaitikisa karibu na sikio kama tunavyofanya sote flaski ikianguka, akisikiliza kama kuna vipande vya kioo.

"Kweli," akasema. "Iko kimya."

Akairudisha mezani, akanunua nyingine isiyobonyea.