Sabuni ya Wageni

Muuguzi wetu wa kliniki ya watoto alikuwa na kipaji cha maneno, na hicho ndicho kilichomponza. Wengine wakiandika tangazo la afya, linasomeka kama maelezo ya nyuma ya chupa ya dawa. Yeye akiandika, watu husimama kusoma. Kwa hiyo msimamizi wa kliniki, kila alipotaka ujumbe wa kuweka kwenye ukurasa wetu na kwenye kundi la simu la wazazi, hakuhangaika kutafuta mwingine. Mimi nilikuwa kwenye dirisha la dawa, jirani na mlango wa muuguzi. Nusu ya mambo haya niliyaona, nusu alinisimulia mwenyewe.

Maji ya bomba yalikuwa yakikatikakatika mitaani, na watoto wa kuharisha walianza kuongezeka kidogo. "Si mlipuko," msimamizi alisema, "kwa hiyo watu wasitishwe. Wakumbushwe tu kunawa." Muuguzi akaandika wakati wa chai, kikombe mkono mmoja na simu mkono wa pili. Kila alichosema kilikuwa sahihi: sabuni, maji yanayotiririka, kusugua viganja na migongo ya mikono, katikati ya vidole na chini ya kucha. Kasoro ilikuwa sentensi ya kwanza, ile aliyoipenda kuliko zote. "Mama, anayemshika mwanao ukiwa kazini, ametoka kushika nini?"

Sasa nyumbani kwake, anayemshika mtoto akiwa kazini alikuwa mmoja tu, mama mkwe wake. Alikuja likizo ya uzazi ilipokwisha, akaacha nyumba yake na kuku wake, akalala chumba kimoja na mjukuu. Na wiki iliyotangulia mtoto alikuwa ameharisha. Hakikuwa kitu kikubwa. Alipewa maji ya chumvichumvi na vidonge vya zinki, akaanza tena kucheka. Lakini ndani ya nyumba watu walikuwa wakitazamana. Muuguzi huapa kwamba alipoandika hakumwaza mama mkwe. Mimi nadhani alimwaza kidogo.

Mumewe, fundi umeme, mtu mwema asiyejua kusoma nyuso za watu, aliupenda ujumbe akaurusha kwenye kundi la ukoo. Chini yake akaandika, "Mke wangu huyo!" Shangazi mmoja akajibu upesi, "Ujumbe umemfika mwenyewe," na vikatuni vya kucheka vikafuata. Mama mkwe alisoma taratibu, akaiweka simu kifudifudi.

Asubuhi muuguzi alimkuta anakunja nguo.

"Mama, safari ya wapi?"

"Kwangu. Kuku hawajui kujilisha."

"Mama, kama ni ule ujumbe, haukuwa wako. Ulikuwa wa watu wote."

"Watu wote?" Mama mkwe hakupandisha sauti. "Niambie, mwanangu. Ukiwa kazini, nani mwingine anamshika huyu mtoto?"

Muuguzi akamwomba angoje kidogo.

Mama mkwe alikubali kusubiri siku chache hadi apatikane msichana wa kulea. Msichana mwenyewe angetoka wapi? Bila mtu wa kumwachia mtoto, muuguzi angeacha kazi, na hilo alilijua tangu anapanda ngazi za kliniki. Huko nako akakuta mabenchi yana nafasi. Siku ya kupima uzito, nusu ya watoto huletwa na bibi zao, na mabibi hawakuonekana. Mmoja aliyekuja alipanga foleni amenuna hadi zamu yake.

"Nimemleta," alisema, "ila kama mnaogopa mikono yangu, mpokeeni wenyewe."

Msimamizi alimwita pembeni, mbele ya dirisha langu. "Nilikuomba elimu," alisema, "wewe ukatunga kijembe. Ufute, uandike mwingine kesho." Akaondoka, na muuguzi akasimama pale akitazama dawa zangu kama mteja aliyesahau cheti.

Jioni ile hakuandika. Aliketi jikoni kwake akimtazama mama mkwe anavyomtayarishia mtoto uji. Aliiona kazi iliyopangika. Bakuli lilisuuzwa kwa maji ya moto, kijiko kikafunikwa, uji ukapozwa. Kisha mama mkwe akafungua bomba, akapitisha vidole kwenye maji, akavikung'uta, akamketisha mtoto mapajani.

Muuguzi alijua akisema vibaya tena, begi litatoka usiku huo huo. Akapiga moyo konde.

"Mama, nisamehe nikiuliza. Mbona hutumii sabuni?"

"Ipi?"

"Si ile ya bafuni. Ya kubonyeza."

Mama mkwe alimtazama kwa mshangao wa kweli, si wa kuigiza. "Ile inayonukia? Ile si ya wageni?"

"Ya wageni?"

"Mliiweka pale siku walipokuja wenzako wa kazini. Tangu hapo sijaona mtu kaigusa. Wewe unaoga na kipande chako, mume wako na chake. Nikasema, hii ina watu wake." Akampa mtoto kijiko kingine cha uji. "Mimi hapa si mgeni wala si mwenye nyumba, mwanangu. Huwezi kubonyezabonyeza vitu vya watu kama hujaambiwa."

Muuguzi aliniambia aliona haya kiasi cha kutaka meza immeze. Miezi yote ile alikuwa amemwonyesha mama mkwe joto la uji, dawa ilipo, namba ya kupiga kukiwa na dharura. Sabuni ya mikono hakumwonyesha.

Aliinuka, akaileta chupa, akaiweka kando ya bomba la jikoni. "Hii ni yako, mama. Ikae hapa, usiifuate bafuni." Akamsimulia yale ambayo kliniki humsimulia kila mtu: kabla ya kumlisha mtoto na baada ya kumbadilisha nepi, kabla ya kupika, ukitoka chooni; sekunde ishirini hivi za kusugua, maji baridi yanafaa sawa na ya moto. Bomba likikauka, mtu akumiminie kwa kikombe kutoka kwenye ndoo. Mama mkwe alisikiliza, akabonyeza, akasugua hadi vidole gumba, akasuuza, akajifuta kwa kitambaa kilichofuliwa. Kuhusu kuku hakusema kitu.

Ujumbe mpya ulitoka kesho yake. "Sabuni ya kunawia mikono nyumbani kwetu iko wapi? Tuiweke pale tunapopikia, pale tunapombadilishia mtoto, na karibu na choo. Kipande cha kawaida kinatosha, si lazima inukie. Tumwambie kila anayekaa nasi kwamba ni yake. Kunawa kwa sabuni hupunguza kuharisha kwa watoto kwa karibu theluthi moja, na mikono inayolea watoto wetu inastahili kurahisishiwa kazi." Haukuwa na makali ya ule wa kwanza, na nilimwambia hivyo. Akanijibu kwamba makali ameyaachia visu.

Mabibi walirudi kidogo kidogo. Msichana wa kulea hakutafutwa, wala hakuna aliyeuliza kwa nini. Muuguzi alikuwa mwoga wa kutaja habari ya safari, asije akaikumbusha. Akawa anatoka asubuhi kwa kunyata, anarudi akichungulia kama begi bado liko uvunguni.

Kisha siku moja alikuwa ameshafika mlangoni, mkoba begani, aliposikia anaitwa kutoka jikoni.

"Abee, mama."

"Ukirudi usisahau," mama mkwe alisema, huku maji yakimwagika bombani. "Sabuni yangu inaisha."