Kigingi Mlangoni kwa Mama

Mimi ndiye niliyetunga zile kanuni, kwa hiyo lawama zote zinaanzia kwangu.

Tulikuwa tukitengeneza filamu ya kubuni kuhusu kijiji ambako mtu anaweza kuzuia mafuriko kwa kuchomeka kigingi chekundu mlangoni. Kwenye chumba tulichokodi mtaa wa Mamboleo niliandika kanuni kwa kalamu nene nikazibandika ukutani. Kigingi hakikaushi maji, kinayasukuma tu; yakisukumwa kutoka kwako, yanakwenda kwa jirani wa bondeni. Aliyekichomeka ndiye pekee anayeweza kuking'oa. Hakuna msamaha kwa yeyote, hata kwa mhusika mkuu.

Mwongozaji alitaka mwishoni shujaa aokoe nyumba zote mbili. Nilimkatalia kwa ukali. Uchawi usio na gharama hauna uzito, nilimwambia, na ukivunja kanuni mara moja tu, mtazamaji haogopi tena, kwa sababu anajua utaivunja tena. Tukaonyesha gharama mapema, kwa jambo dogo: mwanamke anaokoa jiko lake, na jiko la jirani linazimika. Hivyo kufikia wakati wa kufa mtu, kila mtazamaji alishajua hesabu. Na wanakijiji wetu waliishi ndani ya kanuni ile bila kuieleza. Mvua ikianza, hawakutazama mawingu, walitazamiana milango.

Tulipigia picha nyumbani kwa mama, kule Ahero, na majirani wakaigiza. Wao ndio waliotufunza mengine. "Maji haikujangi kama ukuta," mama mmoja wa bondeni alinicheka. "Inatoka chini ya sakafu, polepole. Kwanza unaona siafu wanapanda ukutani." Tukabadilisha. Kitu kimoja tu kiwe cha ajabu, vingine vyote viwe vya kweli kabisa, hapo ndipo cha ajabu kinapowameza watu. Tulipowaonyesha filamu kwenye ukumbi wa kanisa, hakuna aliyekohoa. Nilivimba kichwa, sikatai.

Kigingi kilibaki mlangoni. Nilikichomeka mwenyewe siku ya kupiga picha, na tulipofunga vyombo mama akasema nikiache, atafungia mbuzi. Sikufikiria mara mbili.

Mvua za masika zilipokuja, mama alinipigia simu asubuhi. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nyathina, binti yangu, kuja. Watu wako hapa nje na hawaongei."

Nilifika nikiwa nimelowa hadi kiunoni. Nyumba za bondeni zilikuwa zimeingia maji. Ya mama ilikuwa kavu, kwa sababu marehemu baba aliinua msingi kwa malori ya murram, udongo wa changarawe, miaka mingi iliyopita, jambo ambalo kila mtu pale alilijua. Lakini watu wapatao thelathini walisimama uani wakitazama kigingi. Mmoja alishika panga. Nikasikia mtu nyuma akilitamka lile neno, jajuok, mchawi. Huku kwetu neno hilo limewahi kuchoma nyumba na mwenye nyumba ndani.

"Ni sinema!" nilipiga kelele. "Mliigiza wenyewe! Ni mti na rangi!"

"Kama ni mti tu," akasema yule mama wa bondeni, "toa."

"Si mngetoa nyinyi?"

Mwenye panga alirudi nyuma hatua moja. Hapo ndipo nilipoogopa kwelikweli: walikuwa wakingoja aliyekichomeka, kama nilivyoandika.

Mama alisimama mlangoni ameshika Biblia na kamba ya mbuzi. Nikainama, nikakishika kwa mikono miwili, nikakitikisa, nikakivuta. Kilitoka na bonge la tope. Nikakitupa mbali nikiomba Mungu yaishe.

Hazikupita hata dakika kumi, siafu wakaanza kupanda ukuta wa sebuleni. Kisha sakafu ikatokwa jasho, kisha maji yakaja kutoka chini, polepole. Mto ulikuwa unapanda tangu alfajiri, maji yangefika tu, na murram haizuii kila kitu. Najua hivyo. Nilijua hata pale nilipokuwa nimesimama ndani yake.

Panga likashushwa. Watu waliingia, wakapandisha makochi ya mama juu ya meza, wakamtoa yeye na mbuzi hadi barabarani, wakampa blanketi. Hakuna aliyemgusa vibaya. Nilikaa kando ya lami nikilia kwa nafuu.

Yule mama wa bondeni akaja kuchuchumaa karibu nami, lakini si karibu sana. "Na ile kigingi ingine," akauliza kwa sauti ya chini, "umepanda wapi?"

Nikamwambia hakuna kingine. Nikamweleza tena habari ya baba, murram, na mto.

Mwanamke huyu alinibeba mgongoni nikiwa mchanga, na maisha yangu yote ameniita mtoto.

"Sawa, Mama," akanijibu, macho chini.