Mgonjwa wa Mazoezi

Jina la Mama Karibu hakujipa mwenyewe, alipewa na wagonjwa. Kwa miaka kumi na sita alikaa nyuma ya dirisha la mapokezi ya kliniki akimkaribisha kila aliyeingia, na si karibu ya mdomoni tu huku macho yako kwenye simu, la hasha! Alimtazama mtu usoni. Alijua nani kafuata majibu na nani kaja mara ya kwanza, roho mkononi. Alijivunia jicho lake hilo, na tusimwonee, alikuwa na haki. Ila ndilo lililomponza.

Mambo yalianza pale mzee mmoja, ambaye hakuwahi kutia mguu kliniki maisha yake yote, alipokutana na karani wa zamu ya mchana. Karani akamwuliza mbele ya foleni nzima, "Unaumwa wapi?" Mzee aliangalia kushoto, akaangalia kulia, akavaa kofia yake akaondoka na ugonjwa wake. Daktari mkuu aliposikia alimwita Mama Karibu ofisini.

"Wewe watu hawakukimbii," alisema. "Andika unavyowaambia, neno kwa neno. Wasichana wawili wapya wanaanza wiki ijayo, wafundishe kwa karatasi hiyo."

Mama Karibu aliandika siku tatu, akifuta na kurudia, akijichekea mwenyewe. Zilitoka kurasa mbili. Msalimie, taja jina lako. Uliza dalili za hatari kwanza: anapumua vizuri, ana maumivu makali ya kifua, anatoka damu? Akisema ndiyo, achana na fomu, mwite muuguzi. Shida yake usimwulize kwa sauti, mwambie anaweza kuiandika au kumweleza muuguzi faragha. Mweleze hatua zinazofuata na muda wa kusubiri, wala usimdanganye. Usimwambie "si kitu", kwa sababu hujui kama si kitu. Na mwisho kabisa: "Mimi nipo hapa hapa. Ukikwama, rudi kwangu."

Walifanya mazoezi Jumamosi mchana, mgonjwa wa mwisho alipoondoka. Wasichana wapya waliona haya, kila mmoja akimsukuma mwenzake awe mgonjwa. Bi Deki, mfagiaji wa kliniki, alikuwa anapiga deki pale pale, akifika chini ya meza ya Mama Karibu. Mama Karibu alinyanyua miguu bila kuangalia chini, kama alivyonyanyua kila siku kwa miaka kumi na moja, ufagio wa maji ukapita.

"Shoga, hebu acha hiyo ndoo," akasema. "Njoo uwe mgonjwa wetu."

"Mimi? Mgonjwa wa nini?"

"Wa chochote kile. Umekuja mara ya kwanza, una wasiwasi. Haya, toka nje uingie."

Bi Deki alijifuta mikono kwenye gauni la kazi, akatoka. Alipoingia, wasichana walivunjika mbavu kwa kicheko, maana alitembea kama mtu anayekanyaga sakafu ya watu.

"Karibu, dada. Habari za leo? Mimi ni Mama Karibu wa mapokezi. Ni mara yako ya kwanza kufika hapa?"

"Ndiyo," alisema Bi Deki. "Mara ya kwanza."

"Weee!" msichana mmoja alipiga makofi. "Na alama za ndoo zipo mlangoni!"

Mama Karibu alimkonyeza anyamaze, akaendelea. Dalili za hatari hakuna. Akamsogezea fomu na kalamu, akamwambia asome taratibu. Bi Deki aliandika muda mrefu, ulimi ukiwa umechungulia pembeni ya mdomo.

"Naona una wasiwasi, dada. Wengi huja hivyo. Si lazima useme shida yako hapa, utamweleza muuguzi peke yake. Au niandikie."

Shida yake Bi Deki hakuiandika. Aliinama mpaka kichwa kikaingia dirishani. "Nina uvimbe kwenye titi," alinong'ona. "Miezi minane sasa. Naogopa." Machozi yakamtoka, yakadondoka juu ya fomu.

Wasichana walishangilia. Na Mama Karibu, mwenye jicho lile, alifanya nini? Alicheka! "Jamani, huyu tumwajiri jukwaani! Lakini umetia chumvi, shoga. Mgonjwa wa mara ya kwanza halii dirishani, hulia akifika nyumbani."

Bi Deki alijifuta uso kwa kiganja. "Basi nimezidisha," akasema, naye akacheka kidogo. Akaokota ufagio wake. Fomu ikatiwa kwenye bahasha ya mazoezi.

Siku ya tisa baada ya mazoezi fomu mpya zilikwisha. Mama Karibu alifungua ile bahasha kutafuta iliyobaki tupu, akaivuta ya Bi Deki, karatasi imejikunja pale palipolowa. Msichana aliyefanya mazoezi baada yake alikuwa ameandika upuuzi, umri miaka mia mbili. Bi Deki aliandika kweli tupu. Mwaka wake wa kuzaliwa. Mtaa wake. Mzio wa dawa: sijui. Na kwenye nafasi ya mtu wa kupigiwa simu aliandika, kwa herufi kubwa za mkono usiozoea kalamu: Mama Karibu wa mapokezi. Namba ilikuwa sahihi, yote.

Mungu wangu! Aliinuka, fomu mkononi.

Alimkuta Bi Deki stoo akikamua matambara, akafunga mlango. "Ni kweli?"

Bi Deki aliendelea kukamua. "Ulisema nimetia chumvi."

"Kwa nini hukuniambia siku zote hizi?"

"Si nilikuambia?" Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi mwenzake. "Miaka kumi na moja nakusikia unavyowauliza watu pale dirishani. Mimi hapa ni wa ndoo. Hakuna aliyewahi kuniuliza. Siku ile uliniuliza."

Mama Karibu alimshika mkono, akampeleka mbele kwa mlango wa wagonjwa, akaketi mahali pake. Akafungua faili jipya. Akajaribu kuanza, maneno yakampotea.

"Karibu, dada," Bi Deki alimkumbusha polepole. "Halafu unaniuliza kama ni mara ya kwanza."

Ile karatasi aliijua yote kwa moyo. Alimsaidia mpaka kwenye dalili za hatari, mpaka kwenye hatua, mpaka lile neno la mwisho, na hapo akasubiri aambiwe.

"Mimi nipo hapa hapa," alisema Mama Karibu huku analia waziwazi mbele ya foleni. "Ukikwama, rudi kwangu."

Daktari alimwona siku ile ile, akamwandikia rufaa. Hospitali wakachukua kipande cha nyama, wakapima, wakapiga picha. Majibu walikwenda kuyasikiliza wawili. Ugonjwa ulikuwa umeshafika kwenye mifupa. Mama Karibu aliuliza kama siku tisa zingebadilisha kitu. Daktari wa hospitali alisema siku tisa, hapana. Miezi minane, huenda. Hakujua anamwambia nani, mtu ambaye miezi yote minane alikuwa akinyanyua miguu.

Bi Deki alizikwa kabla mwaka haujaisha. Simu ya hospitali ilikuja kwenye ile namba.

Wasichana sasa wanaisoma karatasi vizuri, hata watu wanawasifu. Majuzi mfagiaji mpya, mwanamke mnene mwenye haraka, alifika chini ya meza. Mama Karibu alinyanyua miguu, kisha akaishusha. Akainama mpaka akamwona uso.

"Dada, wewe mwenyewe hujambo?"

"Sijambo, mama," alijibu yule, upesi, bila kusimama, kama tunavyojibu sote. Ufagio ukapita.