Mahari Iliyopungua Mwezi Mmoja

Baba yake mchumba wangu alitaja mahari ya shilingi mia saba. Nikavutana naye hadi mia sita na sitini, nikatoka barazani nimeumuka kama hamri. Miaka hiyo ya hamsini nilikuwa mpima miwa katika shamba moja kusini ya Msambweni. Kila mshahara ningeweka kando shilingi ishirini.

"Utamaliza lini?" mzee aliniuliza.

Nikahesabu mara mbili, kama kawaida yangu. "Miezi thelathini na mitatu, mzee wangu. Tangu huu Mfungo Nne ulioandama mpaka mwandamo wa Mfungo Mosi wa tatu, Idi ya tatu ya kumaliza Ramadhani."

"Ukipungukiwa senti moja, sitangoja. Kuna wengine wanaobisha hodi."

Riba sikuitaka, ni haramu. Pesa nikamwekesha Mhindi mmoja mwenye duka Msambweni, amana tupu: ishirini naweka, ishirini nitaikuta, haizai wala haifi.

Siku ya Idi ya kutimiza ahadi nikaenda na mashahidi wawili. Mhindi akanihesabia mia sita na arobaini.

"Na ishirini nyingine?"

"Ndizo zote, bwana."

"Umeila amana yangu!" nilipaza sauti, na duka limejaa watu wanaonunua tambi na sukari ya sikukuu.

Hakukasirika. "Umepokea mishahara mingapi?"

Nikakunja vidole. Thelathini na miwili. Nikarudia, thelathini na miwili. Ahadi niliipima kwa mwezi unaoandama, mshahara shambani unalipwa kwa miezi ya Kizungu, na ile ya kuandama ni mifupi. Ilikwisha kuandama thelathini na mitatu, ya mshahara bado mmoja.

"Huyo ndiye mpima miwa?" alisema mama mmoja. "Ndiyo maana miwa yetu hupungua uzito!"

Watu wakacheka. Nilimwomba Mhindi radhi, lakini kwa sauti ndogo kuliko ile niliyomtukania. Hilo bado linaniuma.

Nikaenda kwa mzee nimeinama. "Shikamoo."

"Marahaba. Zimetimia?"

"Zimepungua ishirini. Nitaleta mwisho wa mwezi wa Kizungu."

"Nilikupunguzia arobaini, na bado waja na kombo! Nilisema nini mimi?"

Maneno yangu yote niliyamaliza siku ya kuteremsha bei. Ndipo mchumba wangu akasema nyuma ya pazia, "Baba, mahari ni haki yangu. Pokea hizo. Ishirini nitamdai mwenyewe."

Mzee akazipokea, akaita kadhi.

Mshahara ulipotoka nilimkabidhi mke wangu ishirini zake. Akazihesabu mara mbili mbele yangu, polepole, nami nikatazama sakafu mpaka alipomaliza.