Tope la Nyigu kwenye Pampu ya Mama

Vijana wa bodaboda pale Voi waliniapia kwamba injini ya four-stroke hulipuka mara nne kila mzunguko, ndiyo maana ina nguvu za ndovu wanne. Niliamini kama sala.

Pampu ya mama ya kumwagilia, yenye injini kama hiyo, ilipokataa kuwaka kule Rukanga, nyanya zikinyauka, nilimpigia mwalimu wangu wa masomo ya jioni.

“Ukivuta kamba, ekzosi inatoa moshi?” akauliza.

Haikutoa. Nyigu walikuwa wameiziba kwa tope. Nililichokoa, nikavuta kamba, pampu ikanguruma hadi mlima Kasigau ukatikisika. Mama akaniita fundi mbele ya majirani.

“Mwalimu, milipuko yote minne imerudi!” nikamwambia kwenye simu.

Akacheka. “Mlipuko ni mmoja, kijana; nne ni hatua za pistoni. Pistoni ikishuka huvuta hewa na petroli, ikipanda hubana, mlipuko huisukuma chini, ikipanda tena hutoa moshi. Wewe umefungua njia ya moshi.”